Diski haijafa, imezidiwa na picha

Mtu akikwambia diski yako ya nje imekufa kwa sababu tu kompyuta huganda kila ukiichomeka, usikubali kuifomati siku hiyo. Yawezekana diski ni nzima kabisa, na kinachoigandisha kompyuta ni kazi ambayo Windows imejipa yenyewe bila kukuuliza. Nalisema hili kwa sababu hapa Mombasa wenye studio za picha za harusi wamenipigia simu mara kadhaa kwa shida hii moja, na karibu wote walikuwa wameshaambiwa wafute kila kitu.

Nichukue mfano wa studio moja ya Majengo. Diski ni ya terabaiti 2, na ndani yake kuna folda inayoitwa HARUSI ambamo picha zote tangu 2017 zimetupwa pamoja, bila kugawanywa. Ukiichomeka, kompyuta ya Windows 10 inaitambua vizuri. Ukibonyeza folda, mstari wa kijani unaanza kutambaa polepole juu ya dirisha, kisha dirisha linakuwa jeupe, kishale kinazunguka, na hata kitufe cha Start hakijibu. Baada ya dakika tano mwenye studio hukata tamaa na kuchomoa kebo. Fundi mmoja alimwambia diski imekwisha, ifomatiwe. Humo mna picha za watu ambao nakala zao zilipotea na simu, na pia za wazee ambao hawako tena duniani. Kufomati kungekuwa msiba wa pili.

Nilianza kwa kuipita Windows pembeni. Nilifungua Command Prompt na kuandika amri hii, ambayo huhesabu faili za folda bila kufungua hata moja:

```
dir E:\HARUSI /b | find /c /v ""
```

Jibu lilikuja kwa sekunde chache: 38412. Hapo nilijua mengi. Diski inayokufa kwa kawaida haisomi orodha ya majina elfu thelathini na nane kwa wepesi hivyo. Orodha inasomeka, basi shida iko kwa anayetaka zaidi ya orodha.

Kumjua huyo nilifungua Task Manager, nikaenda sehemu ya Performance, nikaitazama diski wakati folda inajaribu kufunguka. Ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 100, lakini data inayosomwa ilikuwa kama megabaiti moja na nusu tu kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikinakili video moja kubwa hufika megabaiti 100 kwa sekunde bila taabu. Asiyeijua diski ataona hapa ushahidi wa ugonjwa. Mimi niliona diski inayokimbizwa huku na huku.

Diski hizi za bei nafuu zina sahani inayozunguka na mkono mmoja unaosoma. Kila ukitaka kitu kilicho mahali pengine, mkono usogee na usubiri sahani izunguke, na hilo huchukua kama milisekunde 12. Kwa hiyo, faili zikiwa zimetawanyika, mkono hutimiza maombi kama 80 tu kwa sekunde. Mfikirie mtunza ghala mmoja. Ukimwagiza gunia zima la mchele analibeba mara moja, lakini ukimwagiza punje moja moja kutoka magunia elfu thelathini na nane, atakesha. Kila picha ikihitaji safari mbili tu, ni safari karibu 77,000, yaani robo saa nzima, tena kama anayeagiza ni mmoja.

Na hapa hawakuwa mmoja. Nilifungua Resource Monitor kwa kuandika `resmon` kwenye Start, nikaenda sehemu ya Disk. Hapo unaona kila programu na faili inayoisoma muda huo. Kwenye E: niliwakuta waagizaji watatu.

Wa kwanza ni File Explorer mwenyewe, yaani `explorer.exe`, akisaidiwa na `dllhost.exe`. Huyu ndiye anayetengeneza vijipicha, zile picha ndogo unazoziona badala ya alama tupu. Tumtendee haki: vijipicha huanza na faili zilizo mbele ya macho yako tu, halafu zinazofuata kadiri unavyoshuka. Kilichotuumiza zaidi ni mpangilio. Mwenye studio alikuwa amepanga folda kwa Date taken, na tarehe ya kupigwa picha haiko kwenye orodha ya majina, imeandikwa ndani ya picha. Ili kujua ipi itangulie, Windows ilazimike kufungua zote 38,412. Ule mstari wa kijani ndio hesabu hiyo inayotembea. Na kwa kuwa `explorer.exe` ndiye pia anayeendesha upau wa chini na kitufe cha Start, akikaa kusubiri diski, unaona kompyuta nzima imeganda, kumbe ni yeye tu.

Wa pili ni mtengeneza faharasa, ambaye kwenye Resource Monitor ana majina yanayoanza na Search, kama `SearchIndexer.exe`. Kazi yake ni kuorodhesha faili ili utafutaji uwe wa haraka. Kwa kawaida hujishughulisha na folda zako za ndani ya kompyuta, haendi kwenye diski ya nje mpaka aitwe. Huyu aliitwa. Zamani kidogo mwenye studio aliiingiza folda ya HARUSI kwenye maktaba ya Pictures ili aione upesi, na folda ikiingia maktaba, inaingia pia kwenye faharasa.

Wa tatu ni antivairasi, hapa ikiwa ni ile ya Windows yenyewe, `MsMpEng.exe`. Hii hukagua faili inapofunguliwa. Maana yake kila picha iliyofunguliwa kwa ajili ya tarehe au faharasa ilipekuliwa pia na mlinzi. Basi watatu hawa hawakupanga foleni. Kila mmoja alivuta mkono wa diski upande wake, na muda mwingi ukaishia njiani.

Dawa nilianza nayo kabla ya kuchomeka diski tena. Kwenye File Explorer, ingia View, kisha Options, na katika dirisha linalofunguka nenda View tena na uweke alama kwenye Always show icons, never thumbnails. Kisha fungua Indexing Options, bonyeza Modify, na uiondoe folda hiyo. Kama iko kwenye maktaba, itoe huko pia. Baada ya hapo chomeka diski, lakini usiifungue folda. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Customize, na pale palipoandikwa Optimize this folder for chagua General items badala ya Pictures. Ukiifungua, ipange kwa Name. Majina yako kwenye orodha, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua picha hata moja.

Kuna kitufe kimoja ambacho mafundi hupenda kukigusa nami nakuomba ukiache. Kwenye Properties za diski yenyewe pameandikwa Allow files on this drive to have contents indexed. Ukiondoa alama hiyo, Windows huuliza kama badiliko liende kwenye diski tu au kwenye folda na faili zote. Ukijibu zote, itaanza kuandika badiliko kwenye faili moja baada ya nyingine, na utakuwa umejipatia mgando mwingine wa kusubiri, safari hii wa kuandika. Ukichomoa kebo katikati ya kuandika ndipo unapoweza kuharibu diski kweli.

Lakini mpiga picha hawezi kuishi bila vijipicha, kwa hiyo hizo ni huduma za kwanza tu. Tiba ni kuigawa folda. Kwa bahati nzuri picha za studio hii zilikuwa na majina ya tarehe, kama `20190316_0412.JPG`, hivyo tuliweza kuzihamisha kwa mwezi. Tulinakili kwanza kila kitu kwenye diski nyingine, tukaacha usiku kucha, kisha:

```
md E:\HARUSI\2019-03
move E:\HARUSI\201903*.JPG E:\HARUSI\2019-03
```

Mtu hushangaa jinsi amri hii ilivyo nyepesi. Ukihamisha faili ndani ya diski ileile, picha zenyewe hazisogei, kinachobadilika ni anwani yake kwenye orodha. Maelfu ya picha za mwezi mmoja huhama upesi. Tulipomaliza, folda kubwa kabisa ilikuwa na picha 1,900, ya msimu wa harusi za Agosti. Tukarudisha vijipicha, na ikafunguka bila kuganda.

Kuhusu antivairasi, usiizime. Studio ni mahali ambapo flashi za wateja huingia mchana kutwa, na zile virusi zinazogeuza folda kuwa shotikati zimeshawatesa wengi. Ukiamua kuiambia antivairasi isikague hazina yako ya picha, jihadhari na herufi. Ukisamehe `E:\`, kesho diski yako ikiwa haiko, flashi ya mteja itapewa herufi E na itapita bila kupekuliwa. Ipe diski yako herufi ya kudumu ya mbali, kama Z, kupitia `diskmgmt.msc`, halafu samehe folda moja tu, `Z:\HARUSI`. Fanya hivyo baada ya kuikagua diski nzima, si kabla.

Kuna dalili moja inayofanana na hii lakini chanzo chake ni kingine. Ukiangalia Resource Monitor na kuona diski imeshikilia faili moja ileile dakika nyingi, hasa video, huenda ni video iliyokatika wakati wa kunakiliwa, na Explorer anahangaika kuitafutia kijipicha. Zima vijipicha, ihamishe video hiyo kwingine, na ujaribu tena.

Na kuna diski zinazokufa kweli. Ile amri ya `dir` ikiganda nayo, ukisikia mlio wa kugonga ndani ya boksi, au kwenye Event Viewer, chini ya System, ukikuta makosa ya disk yanayotaja bad block, hapo yote niliyosema juu ya kugawa folda yaache. Usiiambie Windows iirekebishe diski, usihamishe chochote ndani yake. Nakili kwanza picha zisizoweza kupatikana tena, folda moja moja, kwenye diski nyingine, kisha zinazobaki.