Mtazamo Unaoteleza Katika Sura ya Kwanza

Riwaya ya nafsi ya tatu inapofungwa kwa mhusika mmoja, msomaji hujua tu kile ambacho mhusika huyo anakiona, anakisikia, anakikumbuka au anakidhani. Mtazamo huteleza pale sentensi inapotoa habari ambayo mhusika hawezi kuwa nayo. Sura ya kwanza huathirika sana, kwani mwandishi ana haraka ya kuwatambulisha watu wote.

Tuseme mwenye mtazamo ni Zuhura: “Zuhura alisimama, uso umemwiva kwa hasira. Mjomba aliona haya, akakumbuka deni lake.” Hapa mtazamo umeteleza mara mbili. Zuhura hauoni uso wake mwenyewe, wala hawezi kuingia katika kumbukumbu za mjomba. Kosa la pili hugundulika upesi. La kwanza ndilo linalojificha.

Njia bora ya kuyanasa yote mawili ni kuigeuza aya iwe nafsi ya kwanza. Zuhura akisema “uso umeniiva” au “mjomba akakumbuka”, sentensi inagoma.

Marekebisho yanaweza kuwa hivi: “Zuhura alisimama, masikio yakimwaka moto. Mjomba aliinamisha macho, akawa anachezea kofia yake. Bila shaka alikuwa amelikumbuka lile deni.” Sasa hasira inahisiwa mwilini, haya ya mjomba inaonekana kwa nje, na deni limekuwa dhana ya Zuhura. Dhana hiyo huenda si kweli, jambo linaloipa hadithi nguvu zaidi.

Msimulizi anayejua yote hafungwi na sharti hili, mradi ujuzi wake udhihirike tangu ukurasa wa kwanza.