Chanjo ya kuku kwa maji ya kunywa

Chanjo inayotolewa kwenye maji ya kunywa ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Kuku anapoyanywa maji hayo, virusi hugusa utando wa mdomo, koo na pua, vingine hushuka hadi tumboni, kisha huanza kuzaliana. Mwili hupambana navyo na kujijengea kinga. Kwa hiyo chanjo iliyokufa kabla ya kufika mdomoni haimsaidii kuku, hata kama kipimo kilikuwa kamili. Taratibu zote za kazi hii zina shabaha mbili: virusi vifike vikiwa hai, na kila kuku apate sehemu yake ndani ya muda mfupi.

Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, njia hii hutumika zaidi kwa magonjwa mawili: kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na Gumboro. Si kila chanjo ya kuku inafaa kuwekwa kwenye maji. Ya ndui huchomwa kwenye ngozi ya bawa, ya mareksi hudungwa kifaranga akiwa na siku moja, na chanjo za mafuta zenye virusi vilivyouawa hutolewa kwa sindano peke yake.

Siku ya kuchanja

Ratiba inayofuatwa na wafugaji wengi ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na Gumboro tena siku ya 28. Kuku wa mayai na wa kienyeji, ambao huishi muda mrefu, huendelea kurudiwa chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu hivi. Ratiba hubadilika kulingana na aina ya chanjo na hali ya ugonjwa katika eneo, kwa hiyo maelekezo ya mtengenezaji na ya daktari wa mifugo ndiyo ya kufuatwa.

Kurudia kuna sababu. Kifaranga huanguliwa akiwa na kinga aliyorithi kwa mama yake kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo humlinda siku za mwanzo, lakini pia huviua virusi vya chanjo kama inavyoviua vya ugonjwa. Chanjo ya Gumboro ikitolewa mapema mno, huzimwa na kinga ya mama. Ikicheleweshwa, ugonjwa hukuta vifaranga wakiwa wazi, kwa sababu Gumboro hushambulia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 6. Zaidi ya hayo, kinga ya mama haishuki kwa kasi moja kwa kundi zima. Ambao chanjo haikuwashika siku ya 14 hupata nafasi nyingine siku ya 28.

Wanaochanjwa wawe wazima. Kundi linalokohoa au kuharisha damu hutibiwa kwanza, kwa kuwa mwili ulioelemewa na ugonjwa haujengi kinga vizuri, na chanjo hai inaweza kuuzidishia mzigo.

Maji na vyombo

Adui mkubwa wa chanjo ya maji ni klorini. Maji ya bomba huja nayo, na wafugaji wengi huongeza dawa ya kutibu maji kila siku kwa ajili ya usafi. Dawa hiyo inayoua vijidudu huua na virusi vya chanjo. Matumizi yake husimamishwa angalau saa 24 kabla ya kuchanja, na bora zaidi siku mbili, na hayarudi hadi siku iliyofuata chanjo. Maji ya kisima safi au ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo yanayofaa. Kama hakuna mengine ila ya bomba, huchotwa jioni na kuachwa usiku kucha kwenye ndoo pana isiyofunikwa kabisa, ili klorini ipungue.

Mabaki ya klorini yanayobaki hudhibitiwa kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita moja. Protini ya maziwa hushikana na klorini na madini yaliyomo majini, kisha hubaki kama ngao ya virusi. Maziwa huchanganywa kwanza na kuachwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuongeza chanjo. Yakimwagwa pamoja na chanjo, klorini huwa imekwisha kufanya kazi yake. Maziwa yenye mafuta hayafai, kwani mafuta huganda kwenye vyombo na kuziba mipira ya maji.

Vyombo huoshwa siku moja kabla kwa maji matupu na brashi, bila sabuni wala dawa ya kuua vijidudu. Vya plastiki ndivyo vinavyotumika. Bati lililoshika kutu au chuma hupunguza nguvu ya chanjo. Idadi yake iongezwe siku hiyo, ili walau theluthi mbili ya kuku waweze kunywa kwa wakati mmoja. Vikiwa vichache, madume na wenye nguvu huvizingira, na wanyonge hufika wakati chanjo imekwisha.

Kuku 500, siku ya 14

Chukua banda la kuku wa nyama 500 wanaopaswa kupewa Gumboro wakiwa na siku 14. Swali la kwanza ni maji kiasi gani. Kuna kanuni ya kukadiria: lita moja kwa kuku 1,000 kwa kila siku ya umri. Kuku 1,000 wa siku 14 wangehitaji lita 14, hivyo 500 wanahitaji 7. Njia ya uhakika zaidi ni kupima maji waliyokunywa siku iliyotangulia, kisha kuchukua sehemu moja ya saba. Tuseme jana walikunywa lita 56. Moja ya saba ni lita 8. Hesabu mbili zimekaribiana, na kwa kuwa eneo ni la joto, mfugaji anachagua 8. Maziwa yatakayohitajika ni gramu 20, takriban vijiko vitatu vya mezani vilivyosawazishwa.

Chanjo inanunuliwa kwenye kichupa cha dozi 500 na kusafirishwa ndani ya kikasha chenye barafu, kisha inakaa kwenye friji katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Muuzaji anayeitoa chanjo kwenye kabati lisilo na ubaridi hana cha kuuza kinachofaa, hata tarehe ya mwisho ikiwa bado mbali.

Saa 12 asubuhi, maji yote yanaondolewa bandani ili kuku wapate kiu. Chakula hubaki, kwani kuku anayekula hutafuta maji. Kwenye joto la pwani saa moja inatosha. Nyanda za baridi huweza kufika saa mbili. Kuwanyima maji zaidi ya hapo huwafanya wanywe kwa pupa, wakanyagane na kumwaga, na wengine huzimia kwa joto.

Saa 12 na nusu, maziwa yanakorogwa katika lita 8 hadi yayeyuke. Takriban saa 1 kasoro dakika chache, kichupa kinatolewa kwenye kikasha, kifuniko cha chuma kinabanduliwa, na kichupa kinazamishwa ndani ya maji ya ndoo kikiwa bado kimezibwa kwa mpira. Hapo ndipo mpira unapong'olewa. Kichupa kizima huvuta maji kwa nguvu, kwa kuwa ndani yake hakuna hewa. Kisichovuta kina shaka: huenda kiliingia hewa, na chanjo ikaharibika. Kichupa kinasukwasukwa mara mbili tatu ili kisibakie na unga, kisha ndoo inakorogwa kwa kijiti safi cha plastiki.

Kama kuna vyombo vinane vya kila siku, vingine vinane vinaazimwa, na kila kimoja kinatiwa nusu lita. Saa 1 asubuhi vyote vinaingizwa kwa haraka, kuanzia mwisho wa banda kuelekea mlangoni, ili wa pembeni wasisahaulike. Taa zote zinawashwa. Mfugaji anazunguka polepole akiwainua waliolala na wanaojificha kwenye kona, anawaelekeza kwenye maji, na kuvihamisha vyombo vilivyopweteka. Baada ya chanjo kumalizika, maji ya kawaida yasiyo na dawa yanarudishwa.

Kwenye mabanda makubwa yenye mabomba na chuchu za kunywea, mabomba hufunguliwa mwisho wake hadi maji ya chanjo yaonekane yanatoka, kisha hufungwa. Vinginevyo waliokaa mwishoni wangekunywa maji matupu yaliyokuwa yamebaki ndani.

Jinsi ya kujua kama imekwenda sawa

Kipimo cha kwanza ni saa. Maji ya chanjo yanapaswa kuisha kati ya saa moja na saa mbili. Yakimalizika ndani ya dakika 20, kiu ilizidi au maji yalikuwa machache, na wenye nguvu wamekunywa sehemu ya wenzao. Yakibaki baada ya saa mbili, kuku hawakuwa na kiu au maji yalizidi, na kilichobaki kinapoteza uwezo wake.

Kipimo cha pili ni rangi. Yapo maandalizi ya rangi ya buluu yanayouzwa kwa kazi hii, na mengine yana kinga dhidi ya klorini. Baada ya kunywa, kuku kadhaa hushikwa katika kona mbalimbali za banda na kufunguliwa midomo. Ulimi ulio buluu ni ushahidi kwamba amekunywa. Kwa kila kuku 50, ukikuta watano au sita wasio na rangi, takriban sehemu moja ya kumi ya kundi imekosa chanjo na mpango wa kunywesha unahitaji marekebisho.

Baada ya chanjo ya kideri, kuku wachache huweza kupiga chafya siku mbili tatu bila kukataa kula. Hiyo ni dalili ya virusi kufanya kazi. Kikohozi kinachozidi, uvimbe wa macho au vifo si kawaida, na daktari huitwa.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kawaida ni kugawa dozi 500 kwa kuku 700 ili kupunguza gharama. Kila kuku hupata virusi vichache visivyoamsha kinga, na pesa ya kichupa huenda bure. Kinyume chake, kichupa cha dozi 1,000 kwa kuku 500 hutiwa chote. Kilichobaki hakihifadhiwi kwa ajili ya wiki inayofuata, kwa sababu chanjo iliyochanganywa na maji haidumu zaidi ya saa mbili.

Kosa jingine ni kuchanganya chanjo na vitamini au antibaiotiki kwenye maji yale yale. Viungo hivyo hubadilisha uchachu wa maji au kuyafanya yawe na ladha ambayo kuku hawataki. Vinaweza kutolewa siku nyingine.

La tatu ni kuchanja mchana. Jua la saa 6 huua virusi, na joto hulazimisha kuku kupumzika kivulini. Asubuhi mapema ndiyo wakati wake.

La nne ni kupuuza usafi wa mchanjaji. Virusi vya chanjo ya kideri vikiingia machoni mwa mtu huleta macho mekundu yenye kuwasha kwa siku chache. Mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kazi, na vichupa vitupu huchomwa au huchemshwa kabla ya kutupwa, visichezewe na watoto.