Tangazo Hutangulia Msimu

Agosti, vyumba vikiwa vimejaa, mwenye nyumba ya wageni pwani ya mashariki ya Unguja ana hela ya kutangaza. Aprili masika yakishuka, mfuko mtupu, naye hunyamaza mpaka wageni waonekane tena. Hapo ndipo hesabu inapokwenda kombo, maana mgeni wa Agosti huenda aliamua safari yake tangu Mei au Juni.

Kalenda ya matangazo ya miezi 12 huanzia kwenye daftari la wageni. Kwa kila mgeni wa mwaka uliopita, tazama siku aliyoweka nafasi na siku aliyofika. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vinane Jambiani, ambayo daftari lake linaonyesha wageni wa Ulaya huweka nafasi wiki tisa kabla, na wa Dar es Salaam siku kumi tu. Basi matangazo ya Ulaya yatangulie wiki tisa, ya Dar siku kumi.

Tuseme imetenga shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Januari hadi Machi inatumia 1,200,000. Aprili hadi Juni inatumia 2,400,000, karibu zote Mei na Juni, kuwavuta wageni wa Julai na Agosti. Julai hadi Septemba zinatosha 900,000, nyingi zikiwa za Septemba. Zilizobaki, 1,500,000, zinakwenda Oktoba na Novemba kutafuta wageni wa Krismasi na Januari.

Majaribio yafanywe robo ya kwanza, ambapo kukosea hakugharimu sana. Mei si mwezi wa kubahatisha. Jaribu jambo moja kwa wakati. Tangazo moja liwe na picha ya bahari, jingine picha ya chumba chenye chandarua. Maneno, bei na walengwa visibadilike. Kila moja lipewe shilingi 100,000 kwa wiki mbili. Kisha hesabu waliouliza nafasi, si waliobonyeza alama ya kupenda. Saba kwa watano si ushindi, huenda ni bahati tu. Kumi na tisa kwa sita, hapo umepata jibu. Septemba, jaribu ofa: kifungua kinywa cha bure, au usafiri kutoka bandarini?

Mapumziko nayo yaandikwe. Aprili nyumba imefungwa kwa ukarabati, tangazo nalo lifungwe. Vyumba vikijaa Agosti, kuendelea kulipia ni kuita watu uje kuwakatalia. Ila simu na meseji zijibiwe muda wote. Tena kumbuka kwamba tangazo la Facebook au Instagram likisimamishwa siku saba au zaidi, mfumo huanza kujifunza upya ni nani wa kumwonyesha. Kwa hiyo liwashe wiki moja au mbili kabla ya kulihitaji.

Kalenda ya mwaka jana usiinakili kama ilivyo. Ramadhani husogea mbele ya kalenda yako siku 10 au 11 kila mwaka, ikija mapema zaidi, na wageni wa Idi kutoka Dar husogea nayo.