Robo ya kidonge inapozidi kidonge kizima

Sildenafili iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, na leo hata maduka madogo ya dawa huwa nayo kwa majina chungu nzima. Mnunuzi hunong'ona, muuzaji huchomoa vidonge nyuma ya kaunta, pesa hubadilishana mikono. Kwa sababu ya aibu hiyo, swali moja halipati nafasi ya kuulizwa: mteja anatumia dawa gani nyingine? Na jibu lake huweza kuwa na uzito kuliko namba 50 au 100 iliyoandikwa kwenye pakiti.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kidonge hiki haifiki kwenye damu. Mtu akimeza miligramu 100, takriban 40 tu ndizo zinazopita. Nyingine huvunjwavunjwa njiani na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichojaa kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Hata zile zilizopita huendelea kuvunjwa kila damu inapozunguka kupitia ini, kiasi kwamba kila baada ya saa nne hivi hubaki nusu. Wenye kutengeneza dawa walipanga dozi wakijua hasara hiyo. Kikitokea kitu cha kukizuia kimeng'enya kufanya kazi, hesabu yote huvurugika.

Kizuizi kinachotajwa sana ni balungi, na kisa chake kilianzia mbali na chumba cha kulala. Mwishoni mwa miaka ya 1980, David Bailey na wenzake huko London, Ontario, nchini Kanada, walikuwa wakipima kama pombe inabadilisha felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, waliichanganya na juisi ya balungi. Felodipini ikapanda kwenye damu kupita matarajio, na pombe haikuwa na hatia. Viini vilivyomo katika balungi huua kimeng'enya cha utumboni, na mwili hulazimika kutengeneza kingine upya, kazi inayochukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kumeza dawa jioni hakusaidii. Danzi nalo lina tabia hiyo. Chungwa la kawaida halina.

Hata hivyo, balungi limepewa sifa kubwa kuliko linavyostahili katika habari za sildenafili. Watafiti wa Ujerumani walipowapa wanaume wenye afya juisi hiyo pamoja na kidonge, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, kiasi cha dawa kilichoingia mwilini kiliongezeka kwa takriban asilimia 23, na kidonge kilichelewa kidogo kuanza kazi. Wengi wangeambulia kichwa kuuma. Tatizo ni kwamba watu hawalingani: aliyejaaliwa kimeng'enya kingi utumboni huathirika zaidi, na hakuna anayeweza kujitambua kwa macho. Asiyetaka kubahatisha aache balungi siku hizo, basi.

Dawa za fangasi ni daraja jingine. Krimu ya kupaka kwenye ngozi haina neno, kwa kuwa haifiki kwenye ini kwa kiasi cha maana. Zinazohusika ni zile za kumeza. Ketokonazoli na itrakonazoli hukibana CYP3A4 kwa nguvu: ketokonazoli ya miligramu 400 kwa siku ilipopimwa pamoja na tadalafili, ndugu wa sildenafili anayekaa mwilini muda mrefu, iliongeza jumla yake mara nne. Flukonazoli ni mpole kiasi, lakini haikibani kimoja tu. Huzuia pia kimeng'enya cha pili, CYP2C9, ambacho sildenafili hukitumia kama njia ya pembeni. Tena yenyewe hukaa mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Mtu anayetibiwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi huimeza kwa miezi, kwa dozi kubwa, na huyo ndiye wa kuambiwa mapema.

Yote hayo ni madogo mbele ya ritonaviri.

Ritonaviri ilianza kama dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, kisha madaktari wakagundua kwamba thamani yake kubwa iko kwingine: hukizima CYP3A4 kabisa kabisa, hivyo dawa mwenzake haivunjwi haraka. Ndiyo maana imo katika vidonge vya mstari wa pili vinavyotolewa kliniki, vile vyenye atazanaviri, lopinaviri au darunaviri. Ile herufi ndogo “r” mwishoni mwa ATV/r au LPV/r ndiyo yenyewe. Kinachoitwa mwingiliano hapa ndicho hasa kilichokusudiwa. Ila ritonaviri haichagui ni dawa ipi ya kuilinda.

Katika majaribio, ritonaviri ya miligramu 500 mara mbili kwa siku ilipandisha kilele cha sildenafili kwenye damu mara nne, na jumla ya dawa ambayo mwili ulikabiliana nayo mara 11. Baada ya saa 24 kiwango kilikuwa nanogramu 200 hivi kwa mililita, wakati kwa kawaida hubaki 5. Siku hizi ritonaviri hutolewa kwa dozi ndogo zaidi, mara nyingi miligramu 100, lakini hata hiyo inatosha kukizima kimeng'enya, na tahadhari haijalegezwa.

Chukua mwanamume anayemeza ATV/r kila usiku. Rafiki yake hutumia kidonge cha miligramu 100, naye ananunua hichohicho. Kwa hesabu ya majaribio yale, mwili wake unaweza kubeba mzigo unaolingana na miligramu 1,100. Akikigawa mara nne akameza robo moja, yaani 25, bado mzigo unaweza kulingana na 275. Ndiyo maana mwongozo wa dawa unasema mtu wa aina hiyo asizidishe miligramu 25 ndani ya saa 48. Kwa tadalafili ukomo ni miligramu 10 ndani ya saa 72. Kuruka dozi ya ATV/r usiku ule hakumwokoi, kwa sababu kimeng'enya hakirudi mara moja. Kinachopata nafasi ni virusi. Mwenzake anayetumia TLD, ile ya dolutegraviri, hana ritonaviri mwilini, na kwake hesabu hii haipo.

Dalili za kuzidiwa zinafahamika: uso kuwaka, pua kuziba, kuona rangi ya bluu, kizunguzungu anaposimama. Akizimia, au uume ukisimama zaidi ya saa nne, hapo ni hospitali, si kulala na kungoja kukuche.

Hatari isiyoonekana ni ya kesho yake. Anayeumwa kifua huweza kupewa nitrogliserini, ambayo pamoja na sildenafili huangusha shinikizo la damu ghafla. Wahudumu wamezoea kuhesabu saa 24 tangu kidonge kimezwe. Kwa anayetumia ritonaviri, saa hizo zikiisha dawa bado imejaa mwilini, kwa hiyo kumwambia daktari “nilimeza juzi” hakutoshi. Ataje na dawa zake za kliniki. Wapo pia wasiojua kama wamemeza chochote: mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara kwa mara sildenafili na tadalafili ndani ya asali na kahawa zinazouzwa kama viongeza nguvu vya asili, bila kutajwa kwenye lebo. Aliyelamba asali ya namna hiyo amwonyeshe daktari pakiti yake.