Mkopo Mkubwa na Muhtasari Unaotaja Sababu

"Kamati ilijadili kwa kina ombi la mkopo wa shilingi milioni 160 na kuridhia kwa kauli moja." Muhtasari wa namna hii ukifunguliwa miaka miwili baadaye, marejesho yamekwama na wanachama wamewaka hasira, haumsaidii mtu. Mkaguzi anaona kwamba mkopo ulipitishwa, ila haoni wajumbe walilinganisha nini na nini, wala waliogopa nini.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kinachotaka kununua mtambo wa kumenyea kahawa mbivu. Meneja ameleta andiko kwenye kamati ya fedha ya bodi: mkopo wa milioni 160, miaka minne, riba ya asilimia 9 kwa salio linalopungua. Katibu akishaandika waliohudhuria na kuthibitisha akidi, jambo la kwanza ni kutaja nyaraka zilizokuwa mezani, kila moja na tarehe yake: andiko, barua ya masharti ya benki, ankara kifani za wauzaji, takwimu za mavuno ya misimu iliyopita. Tarehe hizo zina kazi. Ankara iliyotolewa wiki mbili baada ya kikao haiwezi kuwa ilijadiliwa kikaoni, na mkaguzi makini huanzia hapo hapo.

Zinafuata njia mbadala. Hapa ndipo makatibu wengi huandika mstari mmoja na kupita, ilhali ndipo penye uzito wote. Katika mfano wetu kamati ilitazama njia nyingine tatu. Ya kwanza, kukodi mtambo wa chama jirani. Ilikataliwa kwa sababu kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa, na wakati wa kilele cha mavuno jirani naye ana foleni yake. Ya pili, kusubiri hadi akiba itoshe; ingechukua miaka mingi mno. Ya tatu, kununua mtambo mdogo zaidi kwa mkopo wa milioni 120, ambao wakati wa kilele ungelazimu kazi iendelee hadi usiku.

Kisha hesabu ya hatari. Mwaka mzuri chama hukusanya tani 80 za kahawa iliyokaushwa. Kwa ushuru wa shilingi 1,000 kwa kilo zinapatikana milioni 80, na ukitoa milioni 20 za uendeshaji zinabaki 60. Mkopo wa milioni 160 unadai marejesho ya milioni 54.4 mwaka wa kwanza, kwa hiyo unalipika. Lakini mbuni una tabia yake: ukizaa sana mwaka huu, mwakani mara nyingi hupunguza. Mavuno yakishuka hadi tani 60, na uendeshaji ukashuka kidogo tu hadi milioni 18, zinabaki milioni 42. Hapo chama kinapungukiwa na zaidi ya milioni 12. Mkopo wa milioni 120 unadai milioni 40.8 mwaka wa kwanza, nao unapita, japo kwa tabu.

Baada ya hesabu hiyo azimio linaandikika lenyewe: kamati inapendekeza kwa bodi milioni 120 badala ya 160, kwa kuwa mwaka mbaya hautakifanya chama kishindwe kulipa, na inakubali gharama ya vibarua wa usiku. Masharti yanaandikwa papo hapo. Marejesho yaangukie baada ya mauzo, na fedha zisipokelewe kabla ya kuthibitishwa kwamba deni limo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Mjumbe mmoja ni ndugu wa muuzaji wa mtambo. Muhtasari useme alitangaza maslahi yake, akatoka kabla mjadala haujaanza, akarudi baada ya azimio, na kwamba waliobaki bado walitimiza akidi. Kuandika "alitangaza maslahi" na kuishia hapo hakutoshi. Mtu anaweza kutangaza, akabaki kitini na kupiga kura.

Katibu hahitajiki kunakili kila neno. Maswali mazito na majibu yake yanatosha, bila kumtaja kila aliyezungumza. Jina huhitajika mjumbe anapopinga na kuomba ipingwe rasmi. Kwa mfano, kama mmoja alisema hata milioni 120 ni nyingi kwa sababu bei ya kahawa ikianguka wakulima watauza pembeni na ushuru hautapatikana, aandikwe pamoja na sababu yake, na wenzake waandikwe walimjibu nini. Na kama kikao kijacho kitagundua kosa kwenye muhtasari huu, sahihisho liingie kwenye muhtasari wa kikao hicho kipya. Ukurasa uliokwisha kusainiwa hauchomolewi ukabadilishwa.