Ile "Ngiiiii" ya Maiki: Venye Inaanza na Venye Unaizima

Si unajua ile ya harusi? Emsii anashika maiki, anatembea hadi mbele ya spika, na kabla hata asalimie wageni inalia ngiiiii! Watu wanaziba masikio, kila mtu anageukia msee wa saundi. Mara mob spika haina shida yoyote. Ni hesabu tu.

Cheki: maiki inashika sauti, amplifaya inaikuza, spika inaitoa, halafu hewa inarudisha kiasi cha hiyo sauti kwa maiki. Hiyo ni raundi moja. Swali ni moja tu: ikimaliza raundi, imerudi ndogo ama kubwa kuliko venye ilitoka?

Tuseme imerudi nusu, yaani 0.5. Raundi ya pili inakuwa 0.25, ya tatu 0.125, inakufa. Ikirudi 0.9 bado itakufa, lakini polepole, ndio unaskia kila neno likiacha mkia unaolialia. Hiyo ni onyo. Ikifika 1 ama ipite, na mawimbi yanayorudi yapande pamoja na yale yanatoka, kila raundi inaongezea ile ya nyuma. Huo ndio mrejesho chanya, na hapo ni noma.

Inakua haraka aje? Spika ikiwa mita 2 kutoka kwa maiki, sauti inafika kwa sekunde 0.006 hivi, so ni kama raundi 170 kila sekunde. Kwa 1.1, nusu sekunde tu inatosha kuikuza zaidi ya mara 3,000. Inasimama ju amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake. Na inalia noti moja ju kuna noti moja inayovuka 1 kabla ya zingine.

Sasa dawa. Emsii akitoa maiki sentimita 20 kutoka kwa mdomo akaileta 5, sauti yake ndani ya maiki inaongezeka kama mara 4. Msee wa saundi anashusha gein mara 4, wageni wanaskia emsii vile vile, lakini ile raundi imetoka 1.1 hadi karibu 0.28. Lenga 0.5 kushuka chini, ju emsii hatulii mahali pamoja.

Pia weka spika mbele, emsii akae nyuma yake.

Na wewe rapa unayefunika kichwa cha maiki na mkono ukidai ni swag, skia. Maiki nyingi za jukwaani zina matundu nyuma ya kichwa yanayoisaidia kukataa sauti za nyuma. Ukiyaziba, inaanza kushika kila upande, pamoja na spika. Ndio maana pia ukiifunika ikianza kulia, inalia zaidi. Shika mkono wa maiki, wachana na kichwa.