Hitilafu ya Saa Saba Usiku

Ripoti ya hitilafu humfaa mtengenezaji wa programu pale anapoweza kuifuata mpaka hitilafu ileile ikatokea kwenye kompyuta yake. Asipoiona, hubaki kubahatisha. Tuseme duka la dawa la Dar es Salaam linalofanya kazi usiku kucha linatumia programu ya mauzo ya kwenye kivinjari. Muuzaji wa zamu anaandika: "Tarehe zinakosewa, rekebisheni haraka." Mtengenezaji anaijaribu asubuhi, tarehe inatoka sawa, anajibu kwamba kwake hakuna tatizo. Wote wawili wanasema kweli.

Ripoti ya kufaa huanza na hatua, bila kuruka hata ile ya kawaida kabisa: fungua programu, bonyeza "Mauzo Mapya", ingiza dawa moja, bonyeza "Hifadhi", kisha tazama orodha ya mauzo. Yanafuata mazingira, yaani aina ya simu, toleo la Android, la Chrome na la programu yenyewe. Hapa lakini chenye uzito zaidi ni wakati na saa za eneo: 5 Machi 2024, 01:30, Africa/Dar_es_Salaam. Wakati uandikwe kwa mfumo wa saa 24, kama simu inavyouonyesha. Ukiandikwa "saa 7:30", aliyezoea saa za Kizungu ataijaribu asubuhi, wakati hitilafu haipo.

Matokeo yaliyotarajiwa ni 2024-03-05. Yaliyopatikana ni 2024-03-04. Yote mawili yaandikwe kama yalivyo, maana "tarehe si sahihi" haionyeshi kama imerudi nyuma siku moja, au siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Hayo ni makosa mawili yenye vyanzo tofauti.

Muuzaji makini ataongeza jaribio dogo: hatua zilezile saa 02:55, kisha saa 03:05. La kwanza likikosea na la pili likawa sawa, mpaka wa kosa umeshajulikana, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC. Mtengenezaji anarudisha saa ya kompyuta yake hadi 01:30, anafuata hatua, na kosa linajitokeza. Chanzo ni mstari huu:

```
new Date().toISOString().slice(0, 10)
```

Mstari huo hutoa tarehe ya UTC, ambako wakati huo bado ni saa 22:30 ya siku iliyotangulia.

Anayeripoti akiwa na dhana yake kuhusu chanzo, aiweke mwishoni na aseme ni dhana. "Seva imeharibika" ikichanganywa na matokeo ingempeleka mtengenezaji kwenye seva, ilhali tarehe hii inatengenezwa ndani ya simu. Na kwa hitilafu isiyotokea kila mara, ripoti itaje imetokea mara ngapi kati ya majaribio mangapi, ili mtengenezaji asiifunge baada ya jaribio moja lililokwenda vizuri.